Tatu au Tano

Karatasi za ujumbe wa simu hazijaisha maofisini, ingawa siku hizi kila mtu anatembea na simu yake. Simu ya mezani iliyoko getini au mapokezi, hasa ile ya zamani isiyo na kioo, haitunzi kumbukumbu ya nani alipiga. Na hata kama ingetunza, mpigaji mara nyingi ameazima simu ya jirani, anaongea haraka kabla salio la watu halijakwisha, kisha anataja namba nyingine kabisa: "Mwambie anipigie kwenye hii." Kuanzia hapo namba hiyo inaishi kwenye kipande kimoja cha karatasi, kwa mwandiko wa mtu aliyebana simu begani huku akimfungulia geti dereva wa lori la mkaa.

Baadaye karatasi inafika mezani kwa katibu muhtasi, naye anatakiwa kuihamishia kwenye daftari la ujumbe. Wengi huiona hiyo kazi kuwa ni kunakili tu. Lakini namba ya simu ni maandishi magumu kuliko barua ya kurasa kumi. Neno likiandikwa vibaya, maneno ya jirani yake yanalitolea ushahidi. Ukiona "mgojwa" unajua ni mgonjwa. Tarakimu haina jirani wa kuitetea. Tatu ikisomwa tano, namba inabaki kuwa namba kamili, na upande wa pili kuna mtu atakayepokea.

Ugumu huo umo katika namba zenyewe. Namba za kadi za benki hubeba tarakimu ya mwisho ya ulinzi, inayopatikana kwa hesabu aliyoibuni Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1950. Ukikosea tarakimu moja tu ya kadi, hesabu inakataa papo hapo. Namba ya simu haina mlinzi wa namna hiyo. Ukiacha tarakimu za mwanzo, kila tarakimu ni huru, na mashine itaiunganisha namba yoyote halali uliyoibonyeza. Ukaguzi wote unabaki kwa macho na akili ya anayesoma.

Chukua mfano wa shule ya bweni mjini Morogoro. Mlinzi amepokea simu saa 4:20 asubuhi, tarehe 24/9, na kuandika kwamba mzee mmoja wa Kilosa ameulizia ada ya mtoto wake wa kidato cha pili na anaomba mwalimu mkuu ampigie. Chini yake kuna tarakimu kumi zilizokimbizwa. Tatu za mwisho zinasomeka bila shida, na hapa zimefichwa kwa nyota. Zilizobaki zinasomeka hivi: sifuri, kisha kitu kinachoweza kuwa 1 au 7, kisha kingine cha namna hiyohiyo, 2 safi, 6 safi, kitu kinachoweza kuwa 4 au 9, na kitu kinachoweza kuwa 3 au 5. Mashaka manne yenye njia mbili mbili huzaa namba 16 tofauti. Mmoja tu kati ya wenye namba hizo ndiye mzee wa Kilosa.

Jambo la kwanza ni kuhesabu. Namba ya Tanzania inayoanza na sifuri ina tarakimu kumi, iwe ya mkononi au ya mezani. Ikianza na 255, sifuri huondoka na zinafuata tisa. Hesabu hii inawakamata wasikivu waliopotezwa na namna tunavyotaja namba. Mtu akisema "sabini, tano," mwingine huandika 75 na mwingine 705. Akisema "tano mbili," huenda anataka 52, huenda anataka 55. Zikipatikana tisa au kumi na moja, hakuna haja ya kukodolea macho mwandiko. Kosa lilitokea sikioni, na dawa yake ni kumrudia mwandishi. Karatasi yetu ina kumi kamili.

Jambo la pili ni kuuliza mpangilio wa namba wenyewe unaruhusu nini. Namba za mkononi za Tanzania huanza na 06 au 07, na za mezani huanza na 02, mfano 022 ya Dar es Salaam. Hakuna zinazoanza na 01. Kwa hiyo tarakimu ya pili ni 7, hata kama jicho linaiona kama kijiti. Tahadhari moja: Kenya sasa wana namba za mkononi zinazoanza na 01, na shule yenye wazazi kutoka ng'ambo ya mpaka haiwezi kuitumia kanuni hii kwa kufumba macho. Lakini karatasi inasema Kilosa. Namba 16 zimebaki nane.

Tarakimu ya tatu ndiyo inayompima fundi. Kuna 071, zilizoanza kama namba za Tigo, na kuna 077, zilizoanza kama namba za Zantel, kampuni yenye asili ya Zanzibar. Zote ni halali. Akili inashawishika haraka: mzee wa Kilosa atatoa wapi laini ya Zantel? Fundi anaukatalia ushawishi huo, si kwa sababu ni wa kijinga, bali kwa sababu umekuja kabla ya zamu yake. Aliyeanza kwa kukisia ataona alichokikisia. Kijiti chochote kitageuka moja. Hata hoja zinazofanana na hiyo zimepungua nguvu tangu mwaka 2017, watumiaji waliporuhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Kwanza usomwe mwandiko.

Na hapa mwandiko una msaada wake mzuri. Wasomaji wa nyaraka za kale hutafuta kwanza herufi wasizo na shaka nazo, kisha huzilinganisha na zile zinazowatatiza. Kwenye karatasi ya mlinzi, tarehe inajulikana kwa kalenda, kwa hiyo 2, 4 na 9 zake ni vielelezo vya uhakika. Hata hivyo tarehe iliandikwa kwa utulivu, baada ya simu kukatwa, na mkono uliotulia si sawa na mkono uliokuwa ukikimbizana na sauti. Kielelezo bora cha 7 kiko ndani ya namba yenyewe: ile tarakimu ya pili, ambayo mpangilio umekwisha kuithibitisha. Iliandikwa na peni ileile, katika sekunde zilezile. Ina paa refu lililolala, kisha mguu unaoshuka kwa mshazari. Jirani yake wa kulia hana paa. Ana kijikwaruzo kifupi juu, mahali peni ilipogusa karatasi kabla ya kushuka wima. Hiyo ni 1. Zimebaki nne.

Penye 4 au 9, cha kutazama ni safari ya peni, kwa kuwa umbo peke yake hudanganya. Tisa huandikwa kwa mkupuo mmoja: duara, kisha mkia. Nne za watu wengi zina mikupuo miwili, na mkono ukiwa na haraka pembe ya juu hujifunga na kufanana na kichwa cha tisa. Dalili moja hudumu hata kwenye haraka kubwa: mkono wa kulala wa nne huvuka mguu na kuchomoza kidogo upande wa kulia. Tisa haina sababu ya kuchomoza hapo. Karatasi ikiinamishwa dirishani, mwanga ukija kutoka ubavuni, mfereji uliochimbwa na ncha ya peni huonekana, na ukipapasa nyuma utausikia kwa kidole. Hapa mstari umechomoza. Ni 4, na mguu wake ulionyooka unafanana na wa ile nne ya tarehe. Zimebaki mbili.

Tarakimu ya saba haikubali kusomeka. Juu kuna pinda, chini kuna tumbo, katikati pamebanana. Tano hupewa kofia yake mwishoni, na mtu mwenye haraka huisahau au huiunganisha na mkupuo wa kwanza. Tano isiyo na kofia huingia kirahisi kwenye umbo la tatu. Katika tarehe na saa za karatasi hii hamna 3 wala 5 ya kulinganisha. Mpangilio wa namba unaruhusu zote mbili. Kinachobaki ni kumwuliza mlinzi, lakini kwa swali lisilobeba jibu: "Kaka, hapa uliandika ngapi?" Ukimwuliza, "Hii ni tatu, siyo?" atakubali kwa adabu tu. Naye ametoka zamu.

Hapo ndipo heshima kubwa ya kazi hii inapoonekana. Katibu muhtasi mzuri haandiki 3 na kunyamaza. Wasomaji wa maandishi ya kale ya Kigiriki na Kilatini walikubaliana mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1931, kwamba herufi yenye mashaka iwekewe nukta chini yake, ili msomaji ajue mchapishaji aliona nini na alikisia wapi. Daftari la shule halihitaji nukta. Linahitaji uaminifu uleule. Anaandika hivi:

0712 64 (3 au 5) ***

Anatanguliza 3 kwa sababu ndiyo jicho linayoiona, ingawa haraka ya mwandishi inaitetea 5. Kisha anaibana karatasi ya mlinzi kwenye ukurasa huo. Kuitupa kungekuwa kufuta ushahidi pekee, maana nakala safi haina mfereji wala kijikwaruzo.

Wengine wangefungua menyu ya kutuma pesa, waingize namba, na kusoma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Njia hiyo husaidia pale jina la mpigaji limeandikwa. Lakini laini yaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la binti yake, na mbinu hiyo humfunulia mtu jina la mgeni asiyehusika. Kupiga simu kwa ustaarabu ni bora, na namna ya kuuliza ina maana yake: "Habari za asubuhi. Samahani, kuna mtu hapo alipiga simu shuleni leo?" Jina la mtoto halitajwi, wala ada, mpaka aliye upande wa pili aseme mwenyewe ni shule gani na alitaka nini. Deni la mzazi si habari ya kumpa yeyote aliyepokea.

Namba ya 3 inapokewa na kijana ambaye hajapiga popote, anaombwa radhi. Ya 5 inapokewa na mzee mwenyewe. Kama naye asingekuwepo, pangebaki kushuku kosa la sikio: sita na tisa huchanganyikana mdomoni kwa mwenye haraka, na ile 6 safi ingeweza kuwa 9 iliyosikiwa vibaya. Jaribio moja kama hilo linavumilika. Kuendelea kuwapigia watu wasiojulikana ni usumbufu; heri kumsubiri mzee apige tena, na mlinzi aambiwe namba itakayotajwa airudie kwa sauti, tarakimu moja moja, kabla ya kukata.

Katibu muhtasi anafuta "3 au", anabakiza 5, na pembeni anaandika: "imethibitishwa kwa kupiga, saa 5:10." Chini yake anaongeza mstari mmoja wa matumizi yake mwenyewe, kwamba mlinzi wa zamu ya asubuhi akiwa na haraka huandika tano bila kofia.