Kilo Tano Kamili

Nyuma ya kaunta za ofisi zinazotuma vifurushi kwa mabasi ya mikoani huwa pamebandikwa karatasi ya nauli. Uzito umepangwa kushuka upande wa kushoto, kanda za nchi zimepangwa juu kuelekea kulia. Karani mzoefu hushusha kidole kimoja kwenye uzito, cha pili hukitambaza kwenye kanda, na vinapokutana ndipo bei ilipo. Kuifundisha kompyuta kufanya hivyo hivyo, bila kumdhulumu mteja wala mwenye basi, ni ufundi ninaouhusudu kuliko mwingine wowote unaofanyika ndani ya Excel.

Kinachonivutia ni kwamba vidole vile viwili vinauliza maswali ya tabia tofauti. Uzito huuliza: naangukia wapi? Kifurushi cha kilo 7.4 hakimo kwenye karatasi na hakitaandikwa humo kamwe. Kuna 5, kuna 10, nacho kiko katikati na lazima kipewe ngazi ya kukaa. Kanda huuliza: nimo au simo? Hakuna mji ulio nusu kanda B nusu kanda C. Fundi akilisahau hili, fomula yake itaendelea kujibu kila swali, mara kwa haki, mara kwa kubahatisha, na kwa macho majibu yote yatafanana.

Haikuwa lazima karatasi iwe na pande mbili. Uingereza kabla ya 1840, barua ilitozwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi zake. Mwanamageuzi wa posta Rowland Hill alionyesha kwamba gharama ya kuisafirisha barua moja ni ndogo mno, na kwamba fedha nyingi huliwa na kuipokea, kuihesabia na kudai malipo. Umbali na idadi ya karatasi vikafutwa, uzito peke yake ukachukua nafasi yake, na peni moja ikaipeleka barua nyepesi popote nchini. Mzigo haukubali kurahisishwa namna hiyo, kwa sababu kilo zake hula mafuta na nafasi kila kilomita. Ndiyo maana posta ya Marekani ilipoanza kupokea vifurushi Januari 1913, ilipanga bei zake kwa uzito na kwa kanda nane za umbali. Karatasi ya kaunta zetu ni ya ukoo huo.

Nichukue jedwali la mfano, la mzigo unaotoka Dar es Salaam. Bei ni za kwangu, nimezipanga ili hesabu ionekane. Kanda A ni Morogoro na Tanga. B ni Dodoma na Arusha. C ni Mbeya na Mwanza. D ni Kigoma na Bukoba. Namba za kushoto ni kikomo cha kila ngazi: hadi kilo 1, hadi kilo 3, na kuendelea.

```
     A      B      C      D      E
1           A      B      C      D
2    1    4000   5000   7000   8000
3    3    6000   8000  11000  13000
4    5    8000  11000  15000  18000
5   10   12000  17000  24000  28000
6   20   20000  29000  42000  49000
7   30   28000  41000  60000  70000
```

Kifurushi cha kilo 7.4 cha Mwanza kinaangukia ngazi ya nne, ile ya hadi kilo 10, na kanda ya tatu. Bei ni shilingi 24,000. Mtoto wa shule ya msingi angeiona. Fomula ambayo wengi huandika kwanza ni hii, uzito ukiwa H2 na kanda I2:

```
=INDEX($B$2:$E$7, MATCH(H2,$A$2:$A$7,1), MATCH(I2,$B$1:$E$1,0))
```

INDEX inashika uwanja wa bei. MATCH ya kwanza inaleta namba ya mstari, ya pili namba ya safu. Alama za dola zinaufunga uwanja mahali pake, ili fomula ikiburutwa chini kwenye orodha ya mizigo mia, jedwali lisiteleze nayo. Zile 1 na 0 za mwishoni mwa kila MATCH ndizo tabia mbili nilizozitaja: 0 inataka kitu chenyewe au ikatae, 1 inatafuta namba kubwa kuliko zote ambazo hazijauzidi uzito ulioulizwa.

Sasa itazame ile 1 kwa karibu. Kwa kilo 7.4 itasimama kwenye 5, kwa kuwa 5 haijazidi 7.4 na 10 imezidi. Kwenye jedwali letu 5 ni mstari wa tatu, na bei ya mstari huo kanda C ni 15,000. Tajiri amepoteza 9,000 na hakuna kengele iliyolia. Kosa ni kwamba karatasi imeandikwa kwa vikomo, wakati MATCH ya namna hii inasoma vianzio, yaani mahali ngazi inapoanzia. Dawa inayotolewa mara nyingi ni kubadili safu ya kushoto iwe 0, 1, 3, 5, 10, 20. Hapo 7.4 inasimama kwenye 5 ya mstari wa nne, na 24,000 inarudi. Watu wengi huishia hapo kwa furaha.

Lakini mpime mama aliyeleta unga wake kilo 5 kamili, kwenda Mwanza. Karatasi ya ukutani inasema hadi kilo 5, shilingi 15,000. Safu ya vianzio inaikuta 5 kwenye mstari wa nne na kumtoza 24,000. “Kaka, si imeandikwa hadi kilo tano?” atauliza, na haki iko kwake. Kilo 5 kamili si jambo la nadra. Watu hufunga mizigo yao makusudi ifike kwenye kikomo, na mifuko ya dukani hujazwa kwa namba kamili. Mpaka wa ngazi ndipo mizigo mingi inaposongamana, na ndipo fundi anapopaswa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Swali lake la kwanza kwa mwenye ofisi, kabla ya kugusa kibodi, liwe hili: kilo 5 kamili ni ya juu au ya chini?

Jibu likiwa “hadi”, kama kawaida ya nauli za mizigo, acha vikomo vibaki kama vilivyo ukutani na utafute kwa namna inayovisoma hivyo. Excel ya 2021 na zilizofuata zina XMATCH, ambayo ukiipa 1 inatafuta namba yenyewe, na isipoipata inachukua ile inayofuata kwa ukubwa:

```
=INDEX($B$2:$E$7, XMATCH(H2,$A$2:$A$7,1), XMATCH(I2,$B$1:$E$1,0))
```

Kilo 5 inapata mstari wa tatu, 5.01 inapata wa nne, 7.4 inapata wa nne. Na kilo 31 inapata #N/A, jambo ninalolithamini sana. Ile safu ya vianzio ingeupokea mzigo wa kilo 80 bila kusita na kuutoza bei ya kilo 30, kwani 20 ndiyo ya mwisho isiyoizidi 80. Wenye Excel ya zamani wanaweza kupanga vikomo kuanzia 30 kushuka hadi 1, bei zikifuata, kisha waiambie MATCH itumie -1. Majibu yatakuwa yale yale.

Upande wa kanda una hatari yake, na inatokana na uvivu mdogo. Ukiiacha tarakimu ya mwisho ya MATCH, Excel haichukui 0, inachukua 1. Fomula yenye MATCH(I2,$B$1:$E$1) itafanya kazi vizuri maadamu karani anaandika A, B, C au D. Siku akiandika jina la mji badala ya herufi ya kanda, fomula haitakataa. Itapanga maneno kwa alfabeti na kusimama kwenye herufi ya karibu isiyolizidi jina hilo. “Arusha” inakuja baada ya A na kabla ya B, kwa hiyo inapewa kanda A: mzigo wetu wa kilo 7.4 unatozwa 12,000 badala ya 17,000. “Bukoba”, ng’ambo ya nchi, inapewa kanda B kwa 17,000 wakati bei yake ni 28,000. “Dodoma” inapewa kanda D, na mteja wake analipa 28,000 kwa safari ya 17,000. Miji imetozwa kwa herufi yake ya kwanza! Na kwa kuwa kila kiasi kinafanana na bei halali, mkaguzi atazipitisha stakabadhi zote.

Kwa hiyo mji na utafutiwe kanda yake kwanza, kwenye jedwali dogo la pembeni lenye miji na herufi zake, kwa 0 tupu. Hapo utakutana na #N/A za “Mwanza” iliyoandikwa na nafasi moja mwishoni, ambayo jicho haliioni. TRIM inaikata. Uzito nao unaweza kuwa umeandikwa “7.4 kg”, ukageuka maneno; utautambua kwa kuwa umeegemea kushoto mwa seli, wakati namba huegemea kulia. Neno “kilo” lina mahali pake: iache seli iwe 5, kisha uipe umbizo la `"Hadi kilo "0`. Macho yatasoma “Hadi kilo 5”, na fomula itaendelea kuona 5.

Kuna wanaoichukia #N/A na kuifunika kwa IFERROR yenye 0 ndani yake. Mimi siwezi kuwaunga mkono. Sifuri kwenye safu ya nauli maana yake mzigo umesafiri bure. Kama ni lazima pawe na neno, liwe “Uliza bei”, neno lisilojumlishika.

Kabla ya kumkabidhi mtu jedwali, napenda kuandika orodha ya mipaka yote kwa jozi: 1 na 1.01, 3 na 3.01, hadi 30 na 30.01, kila jozi kwa kila kanda, na kuzilinganisha na karatasi ya ukutani mstari kwa mstari. Halafu natazama kama kuna mahali bei inashuka wakati uzito unapanda. Ikishuka, mara nyingi ni sifuri iliyodondoka wakati wa kunakili.

Mwakani ofisi itaongeza ngazi ya hadi kilo 50. Karani ataiandika mstari wa 8, chini ya 30, itaonekana safi, na mzigo wa kilo 40 bado utarudisha #N/A, kwa kuwa fomula inaishia mstari wa 7. Mstari ukiingizwa katikati ya uwanja, Excel hupanua mipaka yenyewe. Ukibandikwa chini yake, haipanui. Basi na aingize mstari mpya juu ya ule wa 30, ahamishie humo namba za 30, na mstari wa mwisho auandike 50 na bei zake.