Asubuhi Tano za Kilombero: Barua Pepe Iliyofuta Mahenge na Mlimba

Ratiba niliitengeneza mimi, na niliipenda. Siku saba, mwezi wa Juni, mvua za masika zikiwa zimekatika. Jumamosi Dar es Salaam hadi Mang'ula. Jumapili maporomoko ya Sanje, jioni tulale Ifakara. Jumatatu tupande Mahenge. Jumanne turudi Ifakara, na alasiri tuingie mtoni kwa mtumbwi. Jumatano Mlimba, Alhamisi turudi, Ijumaa tuanze safari ya Dar. Nilimtumia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye tungesafiri pamoja. Siku mbili baadaye akajibu kwa barua pepe fupi kuliko ratiba yenyewe, na katika barua hiyo Mahenge na Mlimba hazikuwemo tena.

Nimeisoma mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu kumwambia mtu kwamba mpango wake umejaa kupita kiasi ni kazi ngumu, hasa mtu huyo akiwa dada yako na mpango ameuandaa kwa wiki tatu. Nataka kuonyesha alivyoifanya kazi hiyo.

Kichwa cha barua kilisema: "Ratiba ya Kilombero: naomba tupunguze Mlimba na Mahenge." Nilijua jambo lenyewe kabla sijafungua. Angeweza kuandika "Maoni kidogo", nami ningesoma aya mbili za sifa huku nikingoja pigo. Kisha akaanza hivi:

"Dada, shikamoo. Nimeisoma ratiba yote na nimeifuata kwenye ramani. Naanza na Mlimba kwa sababu Mlimba niliiomba mimi."

Hapo ndipo ufundi wake ulipo. Vituo viwili alivyotaka viondoke, kimoja kilikuwa chake na kimoja changu, naye akaanza kwa kukitoa chake. Anapenda reli tangu utotoni, na Mlimba ni kituo cha TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Alitaka kuona mahandaki na madaraja ya milimani. Lakini alipoifuata ramani aligundua kosa lililokuwa limetupita wote wawili: sehemu ngumu ya reli hiyo, yenye mahandaki na daraja refu la Mpanga, huanzia baada ya Mlimba, njia ya kupanda kwenda Makambako. Kutoka Ifakara hadi Mlimba reli hupita kwenye tambarare, Mbingu hadi Chita, mashamba ya mpunga upande mmoja na milima ya Udzungwa upande mwingine. Kufika Mlimba na kugeuza ni kuishia mlangoni. Tena treni ya abiria haipiti kila siku, na ile itokayo Dar hufika maeneo hayo usiku, kwa hiyo tungelazimika kwenda kwa gari kisha tuitazame reli tukiwa tumesimama kituoni.

Akaandika: "Nilichokuwa nakitaka hakipo Mlimba. Kipo mbele ya Mlimba. Siku nikikitaka nitapanda treni hadi Makambako." Sentensi tatu, na kituo chake kikafutika bila manung'uniko. Baada ya hapo sikuwa na sababu ya kudhani kwamba ananinyang'anya changu.

Kabla ya kuigusa Mahenge aliweka hesabu. Watu wengi wakitaka kupunguza safari huhesabu kilomita, na kwa Kilombero kilomita hudanganya. Tangu daraja la Magufuli, lenye mita 384, lichukue nafasi ya kivuko, Ifakara na Mahenge zinaonekana majirani, kama kilomita 75 tu. Yeye alihesabu saa, akijumlisha na kusubiri, maana gari dogo huondoka likijaa, na kutoka Lupiro kwenda juu tulijua ni barabara ya vumbi na miinuko. Aliziweka hivi: Dar hadi Mang'ula saa 10, Mang'ula hadi Ifakara saa moja na nusu, kupanda Mahenge 3, kushuka 3, kwenda Mlimba 5, kurudi 5, kurudi Dar 10. Jumla saa 37 na nusu. Ukiondoa vituo viwili zinabaki 21 na nusu. Tofauti ni saa 16.

Angeweza kuishia hapo, na ningembishia. Saa 16 katika siku saba ni gharama ambayo msafiri anaweza kuamua kuilipa. Ila mstari uliofuata ndio ulionishinda:

"Dada, usiangalie saa 16, angalia zinaangukia wapi. Ukitoa siku ya kwenda na siku ya kurudi, tuna asubuhi tano bondeni. Jumatatu asubuhi tupo njiani. Jumanne asubuhi tupo njiani. Jumatano na Alhamisi vilevile. Iliyo yetu ni Jumapili peke yake."

Ni kweli. Magari ya kwenda Mahenge na Mlimba ukiyakosa asubuhi umeikosa siku, kwa hiyo kila kituo cha mbali hula asubuhi mbili, ya kwenda na ya kurudi. Na Kilombero ni bonde la asubuhi. Hifadhi ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, haina barabara ndani yake. Unatembea kwa miguu, na mchana msitu ule ni joto na unyevu mtupu. Njia ya Sanje, hadi kwenye maji yanayoanguka kwa hatua tatu, jumla ya mita zipatazo 170, huchukua kama saa nne kwenda na kurudi, na kupanda kwake kuna raha ukianza jua likiwa changa. Msitu huo ndio makazi ya kima wa Sanje, ambaye wataalamu hawakumjua hadi 1979, ingawa wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Kumwona kunahitaji kukaa kimya alfajiri, wanyama wakiwa bado wanatafuta chakula.

Mtoni ni hivyohivyo. Mimi nilikuwa nimeuweka mtumbwi Jumanne alasiri, baada ya kushuka Mahenge. Yeye aliifuatilia alasiri hiyo hatua kwa hatua: tukiondoka Mahenge saa 2 na gari lisiharibike, tunafika Ifakara saa 5, tukitafuta chumba, chakula na usafiri wa kwenda Kivukoni tunafika ukingoni saa 8 au 9, jua likiwa kali. Gari likichelewa saa mbili tu, tunaingia majini jua likielekea kuzama, wakati viboko wanapoanza kujongea ukingoni ili watoke kwenda malishoni. Mvuvi mwenye akili hatakubali kutupeleka, na akikubali ndipo tungepaswa kuogopa zaidi. Asubuhi, kinyume chake, wavuvi wenyewe wako majini wakikagua nyavu, maji yametulia, na kwenye matete karibu na daraja yupo mnana wa Kilombero, ndege ambaye wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1990 na ambaye makazi yake yanayojulikana ni bonde hili.

Mtu akitaka kujua kama ratiba yake imejaa mno, alichokifanya hapa kinatosha kumwonyesha. Chukua jambo moja unalolitamani kuliko yote, angalia limewekwa saa ngapi, kisha chelewesha gari lililotangulia kwa saa mbili. Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa mto, na kwa saa mbili tu lilikuwa limekwisha.

Ikabaki Mahenge, nayo haikuwa suala la hesabu. Huko ndiko kwao bibi yangu mzaa baba. Nimekua nikisikia habari za boma la Wajerumani lililoshambuliwa tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita ya Maji Maji, na mlima unaoliangalia bonde lote. Mdogo wangu hana undugu na Mahenge, na alijua kwamba asingeweza kuniambia si muhimu. Aliandika:

"Kuhusu Mahenge ninaogopa kusema, lakini nasema. Kule ni kwa bibi. Tukifika Jumatatu mchana, Jumanne saa 2 tunaaga. Wazee watauliza tumefuata nini. Kwa bibi hakwendwi usiku mmoja."

Hakusema Mahenge iko mbali wala kwamba inachosha, ingawa yote mawili yangekuwa kweli. Alionyesha kwamba kituo hicho, kwa ukubwa wake kwangu, hakikuwa kimepewa nafasi yake. Ratiba yangu ilikuwa imeitendea Mahenge kama mahali pa kupiga picha. Kwa mgeni yeyote usiku mmoja unatosha. Mimi ningekuta mashangazi nisiowajua, makaburi ya kuonyeshwa, chakula cha kukataa na cha kukubali, kisha nisimame katikati ya yote hayo niwahi gari. Akapendekeza twende mwaka unaofuata, usiku nne, na baba awepo.

Ratiba mpya aliiweka mwishoni, mistari michache: usiku mbili Mang'ula, Jumapili Sanje na Jumatatu asubuhi msituni tena, mchana Ifakara, Jumanne alfajiri mtumbwi, Jumatano vijiji vya mpunga, kwa kuwa Juni watu bado wako kwenye mavuno, Alhamisi haina kitu, ili Jumanne ikiharibika mto uhamie hapo. Vitanda viwili badala ya kufungasha mabegi kila siku. Kisha akauliza swali moja la kujibika: "Nimpigie mwenye nyumba ya wageni Mang'ula kesho jioni, au unataka kuibakiza Mahenge tukatoe kingine?" Mlango wa kukataa ulikuwa wazi, na tarehe ya kuamua ilikuwepo. Zilikuwa zimebaki siku tisa na hatukuwa tumelipa malipo ya awali popote. Ushauri uleule ungenikuta Ifakara, Jumatatu alfajiri stendi, ungekuwa ugomvi.

Barua ilikuwa na mapungufu mawili. Zile saa 5 za Mlimba hakusema amezitoa wapi. Nilipomuuliza, akasema amekisia kwa kuangalia urefu wa barabara, bila kumuuliza dereva hata mmoja. Hoja yake haikutegemea tarakimu hiyo, lakini tarakimu isiyo na chanzo ikikaa kati ya zenye chanzo huzitia doa zote. La pili lilihusu fedha. Aliandika kana kwamba kupunguza vituo ni kupunguza gharama pia. Nauli zilipungua, ila kuingia hifadhini asubuhi ya pili ni kulipa kiingilio kingine, na mwongoza njia mara ya pili. Ilibidi nimwandikie hilo kabla ya kukubali, kwa sababu tulikuwa tukichangia nusu kwa nusu.

Jibu langu lilikuwa fupi: "Marahaba. Mlimba na Mahenge zitoke. Ongeza kiingilio cha pili cha Udzungwa kwenye hesabu. Mtumbwi ubaki Jumanne, na Alhamisi usiiwekee kitu chochote, hata ukishawishika. Za Mahenge nitamwambia baba mwenyewe, nianze kumuuliza nafasi yake ya Agosti mwakani."

Saa 12 na robo ya Jumanne ile tulikuwa Kivukoni, na mvuvi alikuwa tayari amesimama nyuma ya mtumbwi, upondo mkononi.