Saa Tatu Zisiongezwe Mara Mbili

Msafiri ananunua tiketi ya basi. Karani, aliyezoea kutamka saa kwa Kiswahili, ameandika 1:00, yaani saa moja asubuhi. Msafiri anaitazama akidhani ni saa ya ukutani, anaondoa saa sita kama alivyozoea, anapata saa saba. Anafika kituoni mchana, basi limeshavuka mikoa miwili. Karani hakukosea hesabu, na msafiri hakukosea hesabu. Kosa ni kwamba sahihisho moja limefanyika mara mbili.

Nimeanza na tiketi hii kwa sababu kazi ninayotaka kuisifu ina hatari hiyo hiyo. Ni kazi ya kuandika skripti ya kurekebisha data, ile inayoandikwa kwa ajili ya kosa moja, ikafanya kazi yake siku moja, kisha ikawekwa kando. Wengi huiandika haraka kwa kuwa haitaishi. Mimi naona inastahili mkono mtulivu kuliko programu nyingi zinazodumu miaka, na nitaeleza kwa kisa nilichokishika mwenyewe.

Chama kimoja cha akiba na mikopo kilihamisha mfumo wake kwenye seva mpya. Seva ya zamani ilikuwa ikiandika malipo kwa saa za Afrika Mashariki, na mpya ikawa inaandika kwa `UTC`, nyuma kwa saa tatu, katika safu isiyotaja ukanda wa saa. Hali hiyo ilidumu siku 11, tangu tarehe 24 Machi hadi 3 Aprili 2023. Mchana hakuna aliyeona tatizo. Aliyeliona ni mama mhasibu, wakati wa kufunga mwezi. Mwanachama aliyeweka akiba kwa simu saa saba na dakika ishirini usiku, mwezi Aprili umeshaingia, alionekana ameweka saa nne na dakika ishirini usiku wa tarehe 31 Machi. Akiba ya Aprili ilikuwa imeingia Machi, na riba ikafuata.

Dawa ilionekana nyepesi. Ukanda wetu hausogezi saa mbele wala nyuma kwa majira ya mwaka, kwa hiyo tofauti na `UTC` ni saa tatu siku zote. Mtu mwenye haraka angeandika hivi na kwenda nyumbani:

```sql
UPDATE malipo
   SET wakati = wakati + INTERVAL '3 hours'
 WHERE wakati >= '2023-03-24' AND wakati < '2023-04-04';
```

Amri hii ina ubaya unaojificha. Ikipita mara moja, ni sawa. Ikipita mara mbili, malipo ya saa saba na dakika ishirini yanakuwa ya saa kumi na dakika ishirini, na hakuna alama yoyote kwenye rekodi inayosema zimeongezwa tatu au sita. Utasema kanzidata hukubali amri nzima au huikataa nzima, basi nani ataipitisha mara mbili? Fikiria mtandao unakatika sekunde ile ulipotuma neno la kuthibitisha. Hujapata jibu. Kazi imeandikwa au haikuandikwa? Ukirudia, huenda unaharibu; usiporudia, huenda unaacha kosa. Tena ule mpaka wa tarehe hautakusaidia kujua. Rekodi ya saa nne usiku wa tarehe 3 Aprili ikisharekebishwa inahamia saa saba usiku wa tarehe 4, nje ya mpaka, lakini nyingine nyingi zilizopona zinabaki ndani pamoja na zile zinazoumwa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa rekodi hata moja, niliandaa orodha. Niliunda jedwali dogo, `marekebisho`, lenye namba ya malipo, wakati wa zamani kama ulivyokutwa, wakati mpya unaokusudiwa, na hali: `bado`. Namba ya malipo haikuruhusiwa kujirudia, hivyo hata orodha ikijazwa mara mbili hakuna kinachoongezeka. Tangu hapo skripti haikukokotoa tena saa tatu. Ilisoma tu kilichokwisha kuamuliwa, na kwa kila rekodi ilifanya mambo mawili haya pamoja:

```sql
UPDATE malipo SET wakati = :mpya
 WHERE id = :id AND wakati = :zamani;

UPDATE marekebisho SET hali = 'tayari'
 WHERE malipo_id = :id;
```

Uzuri wote umo katika maneno `AND wakati = :zamani`. Skripti haiiamuru rekodi isogee saa tatu. Kwanza inaiuliza: bado uko kama nilivyokukuta? Ikiwa ndivyo, inabadilishwa. Ikiwa sivyo, amri ya kwanza inagusa rekodi sifuri, na skripti inaandika `haikulingana` badala ya `tayari`, inaendelea na nyingine. Swali hilo likiwepo, kurudia hakuna madhara, maana rekodi iliyokwisha pona haijibu tena kwa wakati wake wa zamani.

Halafu jaribio. Skripti ilipoitwa bila neno lolote ilijaribu tu. Ili iandike kweli ilibidi mtu aongeze `--tekeleza` kwa mkono wake. Nimeona skripti ambazo njia ya kujaribu ni tofauti kabisa na njia ya kutekeleza: ya kwanza inahesabu na kuchapisha, ya pili inaandika. Jaribio la namna hiyo halijajaribu chochote, kwa sababu msimbo utakaovunjika ndio haukupitiwa. Yangu ilipita njia moja hadi hatua ya mwisho, na hapo tu ndipo palipotofautiana: kujaribu kuliishia kwa `ROLLBACK`, kutekeleza kuliishia kwa `COMMIT`. Njia hii ina mpaka wake. Kanzidata hurudisha nyuma kilicho ndani yake tu. Mfumo wetu ulikuwa ukimtumia mwanachama ujumbe wa simu kila malipo yake yanapobadilishwa, na ujumbe uliokwisha kutumwa haurudi. Ilibidi ujumbe uzimwe kwanza, kisha jaribio la mwanzo lifanyike kwenye nakala ya kanzidata.

Jaribio hilo lilikuta malipo 4,849. Sikuridhika na idadi. Nilipanga orodha kwa wakati mpya na kuisoma kwa macho. Hapo nikaona malipo ya dirishani yaliyopokelewa saa kumi na dakika arobaini jioni, ambayo skripti ingeyapeleka saa moja na dakika arobaini usiku. Dirisha lile hufungwa saa kumi na moja. Kumbe kompyuta ya dirishani ilikuwa ikiandika saa yake yenyewe, na saa hiyo ilikuwa sahihi muda wote. Malipo ya namna hiyo yalikuwa 37. Niliyaondoa, zikabaki rekodi 4,812. Hiyo ndiyo faida ya jaribio: kumpa mtu anayejua ofisi inafungwa saa ngapi nafasi ya kusoma matokeo kabla hayajawa matokeo.

Nilipompelekea mama mhasibu habari kwamba kila kitu kiko tayari, alinitazama juu ya miwani yake. "Mwanangu," alisema, "usije ukaniambia tu umerekebisha. Nionyeshe kilikuwa nini, na sasa ni nini." Katika vitabu vya hesabu vya mkono, tarakimu yenye kosa haifutwi. Hupigwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, sahihi huandikwa juu yake, na aliyesahihisha hutia saini na tarehe. Nikaifanya logi ifuate desturi hiyo, mstari mmoja kwa kila malipo:

```
id=20417 2023-03-31 22:20 -> 2023-04-01 01:20 tayari
```

Kila rekodi ilihitaji pia salio la siku la mwanachama lihesabiwe upya, kazi ya karibu sekunde moja, kwa hiyo safari nzima ingechukua zaidi ya saa. Nisingeweza kuzifunga rekodi zote muda huo wakati makarani wanahudumia watu. Nilizigawa katika makundi ya 500, kila kundi likithibitishwa peke yake.

Katikati ya kundi la saba mtandao ukakatika.

Uliporudi nilifungua logi. Ilikuwa na mistari 3,180 inayosema `tayari`. Nikauliza jedwali la `marekebisho`, nalo likasema 3,000. Mistari 180 ya ziada ilikuwa ya kundi la saba: skripti iliiandika kwenye faili malipo yalipokuwa yakibadilishwa, lakini kundi halikuthibitishwa, na kanzidata ikarudisha yote nyuma. Faili halijui kurudi nyuma. Kama ningeendelea kwa kuifuata logi, ningeruka malipo 180 yenye kosa nikiamini yamepona. Jedwali halikudanganya kwa sababu alama ya `tayari` iliandikwa pamoja na badiliko lenyewe. Vyote viwili vilithibitishwa au vyote viwili vikapotea. Logi ni ya mtu kusoma, jedwali ni la skripti kuamini. Nilirekebisha mstari mmoja ili logi iandike `tayari` baada ya kundi kuthibitishwa, si kabla.

Kisha nikaiita tena kwa amri ile ile, bila kubadilisha tarehe, bila kuiambia ianzie wapi. Ilichukua zilizobaki `bado`, 1,812, katika makundi manne. Mwishoni zilikuwa 4,810 `tayari` na mbili `haikulingana`. Hizo mbili nilizifuatilia kwa mkono. Karani alikuwa amezisahihisha mwenyewe asubuhi ile, baada ya wanachama wawili kulalamika. Ile amri fupi ya mwanzo ingezisukuma saa tatu zaidi, na wanachama wale wale wangerudi kulalamika.

Nilichojifunza ni kwamba skripti ya mara moja haina budi kuandikwa kama ya mara nyingi, kwa sababu hatuichagui idadi ya mara itakayoitwa. Umeme, mtandao na mkono uliochoka ndivyo vinavyochagua. Ukiwa na kazi kama hii mbele yako, usijiulize kwanza utarekebishaje. Jiulize rekodi iliyokwisha rekebishwa utaitambuaje. Ukipata jibu la hilo, mengine yatafuata.

Kabla ya kuondoka siku ile niliiita skripti mara ya tatu, kwa `--tekeleza`, mama mhasibu akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Ilipita orodha yote na kuandika mstari mmoja: zilizobadilishwa, 0. Akachukua kalamu, akatia saini kwenye karatasi ya logi, akafunga mwezi wa Machi.