Kumweleza Asiyewahi Kuona Kanga

Kuandika prompti, yaani kuieleza picha kwa maneno ili mashine ya akili unde iichore, wengi wanakuona ni mchezo wa vijana wenye bando. Mimi nakuweka jirani na utunzi wa kamusi. Ni fani inayomlazimisha mtu ajibu swali ambalo sisi tuliokulia ndani ya vitu vyetu hatuulizwi: kitu hiki hasa kinaonekanaje?

Chukua kanga. Mwambie mtu wa Tanga au Mombasa "mwanamke aliyejifunga kanga", hana la kuuliza. Iandike sentensi hiyohiyo katika Stable Diffusion, iliyotolewa mwaka 2022, na lolote laweza kutokea. Mashine ile ilijifunza kwa kuoanisha picha na maelezo yake, na sehemu kubwa ya maelezo hayo ilichujwa makusudi ibaki ya Kiingereza. Ile sehemu yake inayosoma maneno hukata neno geni vipandevipande, na nafasi yake ni ya vipande 77 tu, viwili kati yake vikiwa alama za mwanzo na mwisho. Sasa fikiria "aliyejifunga", neno lililobeba mtendaji, wakati, urejeshi na kujitendea kwa mkupuo mmoja. Likishakatwakatwa, maana yake imemwagika njiani na nafasi imeliwa bure.

Kwa hiyo watu wanakimbilia kutafsiri, na hapo ndipo fundi anapotofautiana na mwenye haraka. Kanga kwa Kiingereza ni nini? Kamusi ina ndege ndani yake, yule mwenye madoadoa, na mashine ya kutafsiri ikimchagua utapata mwanamke na kuku wa porini. Ukiliacha neno kama lilivyo, Mwingereza aliyesomewa hadithi za A. A. Milne utotoni anamjua Kanga kuwa mama kangaruu. Ukiandika "kitambaa cha Kiafrika" kwa Kiingereza, unaalika kitenge: kizito zaidi, ua lake linajirudia kutoka ukingo hadi ukingo, hakina pindo wala maneno. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuitwa uongo mbele ya kamusi, na yote ni uongo mbele ya macho.

Fundi haanzi na kamusi. Anaitandaza kanga yenyewe. Ni mstatili wa pamba nyepesi, urefu kama mita moja na nusu, upana kama mita moja. Pindo linauzunguka pande zote nne, kwa rangi inayogombana na ya katikati. Katikati ni mji, na mara nyingi una pambo moja kubwa. Jina limekaa ndani ya kisanduku chembamba, juu kidogo ya pindo la chini. Anayaona hayo kwa Kiswahili, kisha anaandika:

```
East African woman wrapped in a kanga, thin printed cotton cloth,
wide contrasting border on all four sides, large central motif,
one line of text in a narrow box above the lower border
```

Neno kanga limebaki, kwa ajili ya picha chache zilizowahi kuitwa hivyo, ila halikuachiwa mzigo wote. Mzigo umebebwa na pamba, pindo na kisanduku.

Jina la kanga halitafsiriwi. "Haba na haba hujaza kibaba" inaingia ndani ya alama za kunukuu kama ilivyo, na hata hivyo Stable Diffusion za mwanzo zitachora mikunjo inayofanana na herufi bila kuwa herufi. Mashine za karibuni zinajitahidi, lakini kagua herufi moja moja kabla ya kuchapa. Mimi napendelea kuagiza kisanduku kitupu na kuyapachika maneno baadaye kwa programu ya usanifu.

Kuna maneno mengine kwenye kanga, madogo, yanayosahaulika: chapa ya mwenye biashara. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara iliyoanza mwaka 1887, zinajulikana kwa "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Mtafsiri mwenye bidii kupita kiasi ataigeuza kuwa tangazo la umiliki, kana kwamba Abdulla amekuja kuidai nguo yake. Hiyo ni chapa, na chapa husafiri na jina lake.

Lakini sheria hiyo inageuka ikifika barabarani. "Mzee anashuka kwenye Noah" kwa Mtanzania ni gari la Toyota lenye viti vya abiria wa kutosha. Kwa Kiingereza kitupu ni Nabii Nuhu, na safina haitakuwa mbali. "Kijana juu ya Boxer" ni bodaboda, ila mashine inamjua Boxer kuwa mbwa au mpiga ngumi. Na Boxer hiyo inatengenezwa na Bajaj, kampuni ileile ambayo jina lake Watanzania wamekipa chombo cha magurudumu matatu. Basi chapa peke yake haitoshi: andika Toyota Noah minivan, Bajaj Boxer motorcycle, na bajaji iwe auto rickshaw. Kwa Omo mambo ni kinyume. Mtu akisema Omo aghalabu anataka sabuni ya unga, ya kampuni yoyote. Ukiliacha jina, unaweza kupata pakiti yenye nembo katikati ya picha ya tangazo la mtu mwingine. Swali la kujiuliza ni moja: je, nembo inatakiwa kuonekana?

Malighafi nayo ina mitego yake. Mkeka ukiuita mat tu, unaweza kuletewa wa mazoezi, wa mpira. Ukiongeza woven, unapata kitu cha kitanda cha mfumi, nyuzi zikipishana kwa pembe za mraba. Mkeka wetu wa ukindu au miyaa husukwa ukili kwanza, utepe mrefu mwembamba ambao chane zake zinapita kwa mshazari, kisha kili hushonwa ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo: plaited palm-leaf strips sewn edge to edge, diagonal pattern. Na sufuria bila handleless itaota mikono.

Utajuaje neno limefanya kazi? Funga namba ya seed isibadilike, toa neno moja, chora tena. Picha ikibaki karibu ileile, neno hilo lilikuwa abiria tu.

DALL-E 3, iliyokuja mwaka 2023, iliwapumzisha wengi, kwa kuwa ulipoandika Kiswahili ndani ya ChatGPT, agizo lako liliandikwa upya kwanza kwa maelezo marefu, kisha ndiyo likachorwa. Raha hiyo ilikuwa na gharama: mtafsiri alikuwepo, ila alikuwa nyuma ya pazia, na yeye ndiye aliyeamua kama kanga yako ni nguo au ndege. Aliyeitumia kupitia API aliweza kuisoma tafsiri hiyo katika `revised_prompt`, na ilimpasa aisome kabla ya kuilaumu picha.

Mashine kama Stable Diffusion zilifundishwa kwa maelezo yaliyoambatana na picha mtandaoni. Wewe unayepandisha picha ya harusi ya binti yako au ya soko la mikeka, usiandike "utamaduni wetu" ukaondoka. Andika kanga, pindo, mji, ukili, ukindu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, chini ya picha yenyewe.