Viazi vya Gairo na Ufunguo wa Maneno Garini

Gairo haina stesheni. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, waliipitisha Kilosa, wakaifuatisha bonde la mto Mkondoa hata Gulwe, nasi wa huku juu wakatuacha na baridi yetu na viazi vyetu. Basi mtu wa Gairo akitaka kusafiri kwa gari moshi hana budi kuteremka kwa basi mpaka Dumila, apinde kushika njia ya Kilosa, na huko aketi juu ya mzigo wake aingoje saa ya gari. Nayaeleza haya mapema kwa sababu mzigo huo ndio uliokuja kuwa chanzo cha mazungumzo ninayokusudia kuyachambua hapa, mazungumzo yaliyofunguliwa na mzee mmoja wa Tabora kwa ustadi ambao sikuutambua siku ile, ila niliutambua baadaye nilipojaribu kuuiga nikashindwa.

Nilipanda daraja la tatu usiku wa manane, nikiwa na kiroba cha viazi vitamu nilivyokuwa nikimpelekea shangazi yangu. Viti vya behewa lile vilikuwa vya kutazamana, magoti kwa magoti, na yule mzee alikuwa ameketi kando yangu upande wa dirisha, shuka begani, kofia imeshuka usoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha kimya. Mimi, kwa uchangamfu wa mtu aliyengoja muda mrefu peke yake, nikaendelea: anatoka wapi, anafanya kazi gani, amezoea kusafiri na gari hili? Akajibu la kwanza kwa neno moja, la pili kwa "aah, kazi ni hizi hizi tu," na la tatu hakulijibu kabisa, bali alivuta shuka lake mpaka kidevuni.

Kosa langu halikuwa kusema. Kusema kwetu si kosa, na mtu anayeketi kando ya mwenziwe usiku kucha asimwamkie huhesabiwa kuwa na kiburi au kuwa na jambo. Kosa lilikuwa katika wakati na katika namna ya maswali. Usiku wa manane ni saa ya salamu peke yake, kwani abiria aliyepanda Dar es Salaam amekwisha kutafuta namna ya kulaza shingo yake, na kila neno la ziada ni kama kumwondolea mto kichwani. Tena swali la kazi, ambalo mjini watu huulizana kama salamu, garini lina sura ya upelelezi: asiye na kazi huona haya, na mwenye kazi ya fedha huingiwa na shaka kwamba unaupima mfuko wake. Dalili za mlango uliofungwa ni dhahiri kwa mwenye macho, maana majibu hupungua urefu, swali lako halirudishwi, na mwili wa mtu hugeukia dirishani hata kama nje ni giza tupu. Mwenye kuulizwa habari zake asiulize zako, amekwisha kukuaga kwa adabu.

Nikanyamaza. Gari likapanda bonde la Mkondoa, nikalala kidogo, na kulipokucha tulikuwa tumeipita Gulwe, nchi imekuwa kavu na mibuyu imeanza kuonekana. Mzee akaketi vizuri, akafuta uso kwa kitambaa, akakitazama kiroba changu kwa utulivu kama anayesoma barua, kisha akasema:

"Viazi hivi vya Gairo."

"Vya Gairo, mzee wangu. Umevijuaje?"

"Kwa hiyo lumbesa. Watu wa pale barabarani kwenu hawawezi kufunga mfuko mpaka waupigie kilemba."

Nikacheka, kwa kuwa ni kweli. Kiroba changu kilikuwa kimejazwa kupita mdomo wake, na viazi vya juu vimezuiliwa kwa wavu wa kamba, lumbesa ileile ambayo wakaguzi wa vipimo huipiga vita kila mwaka na ambayo wanunuzi huipenda kila siku.

Tazama alivyofanya. Kwanza, hakuuliza, alisema. Angaliniuliza "umebeba nini?" angalifanana na mkaguzi wa mizigo au na mwizi, lakini kwa kutamka jambo lililo mbele ya macho ya wote wawili aliniachia hiari ya kuitika, au kumsahihisha, au kutabasamu tu na kunyamaza, na katika yote matatu hakuna fedheha kwangu wala kwake. Ningekuwa nimevinunua viazi vile Dumila, ningemwambia, "La, mzee, hivi vya Dumila," na kusahihisha ni raha kuliko kuhojiwa, maana anayesahihisha ndiye mjuzi. Pili, alikichagua kitu ambacho si siri na si aibu, nacho kina nchi nyuma yake. Hakuitaja nguo yangu, wala afya yangu, wala simu yangu, bali viazi, na kwa kuvitaja viazi akawa amekwisha kupataja kwetu bila ya kuniuliza kabila.

Tena akafanya jambo ambalo wengi husahau: akatoa habari zake kabla ya kutaka zangu. Akasema ametoka Dar es Salaam kumtazama binti yake aliyejifungua, na sasa anarudi Tabora kwa sababu mvua zimekaribia. Maneno yale hayakuzidi pumzi moja. Baada ya hapo ndipo akauliza, "Nawe unashukia wapi?" Swali hili ni halali garini kuliko jingine lolote, kwa kuwa lina faida iliyo wazi: jirani ajue kama atakuamsha, kama atakulindia kiti, kama mtateremsha mizigo pamoja. Nilipomwambia kwamba nami naenda Tabora, hakurukia swali la pili. Alisema, "Basi tuko pamoja," akageuka kutazama nje, akatuacha tukae kimya mwendo wa nusu saa hivi.

Kimya kile nakihesabu kuwa sehemu ya kazi yake. Mtu anayefungua maneno mwanzoni mwa safari ndefu humtia mwenziwe hofu moja kubwa, kwamba sasa hatapumzika tena mpaka mwisho wa njia, na dawa ya hofu hiyo ni kuyakata maneno mapema, yakiwa bado matamu, ili mwenzio aone kwamba kunyamaza nako kunaruhusiwa. Baada ya nusu saa ile ni mimi niliyerudi kwake.

Nikamwuliza habari za mvua za kwao, na hapo ndipo alipotoa karata aliyokuwa ameiweka. Akasema kwamba yeye ni Mnyamwezi na mimi, kwa kuwa ni mtu wa Gairo, bila shaka ni Mkaguru, na kwa hiyo tu watani, na viazi vile kwa haki ni vyake. Nikamjibu kwamba babu zake walipopita kwetu na pembe za Waarabu vichwani walikuwa wakila mashamba yetu bila ya kulipa, na deni hilo bado lipo. Akasema babu zangu wangalidai siku ile ile, ila walikuwa wamejificha vilimani. Behewa zima likaangua kicheko, na mama mmoja wa kiti cha mbele, ambaye tangu Kilosa hakufumbua kinywa, akaniunga mkono.

Utani si mzaha mtupu. R. E. Moreau aliandika juu yake hapa Tanganyika katika miaka ya 1940, na T. O. Beidelman, aliyekaa Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwamba kwa Wakaguru mtani ana kazi yake msibani, kazi ambayo ndugu wa damu hawezi kuifanya. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikatiza Ukaguru kwa Mamboya hata Mpwapwa, na wapagazi walioipita, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walihitaji namna ya kulala salama katika nchi za watu. Kama ukoo wangu na wake ni watani kwa hesabu ya wazee, sijui, wala yeye nadhani hakujua, lakini garini dai la utani likitamkwa kwa bashasha hukubaliwa. Lina masharti, walakini. Halitangulii, hufuata baada ya salamu, habari na kimya; na anayelianza huwa mkubwa kwa umri, kwani kijana akilianza yeye huwa ni utovu wa adabu, hata angekuwa mtani wa kweli.

Chakula kilikuja mwisho. Tulipofika Saranda, ambako kuku wa kuchoma huletwa mpaka madirishani, mzee alinunua kipande, akakichana mbele ya macho yangu, akala kwanza yeye, ndipo aliponikaribisha. Utaratibu huo si wa bure: abiria wamekwisha kuibiwa baada ya kupewa vinywaji vilivyotiwa dawa, na mtu mwenye akili hamlazimishi jirani kula, wala hakasiriki akiambiwa, "Ahsante, nimeshiba."

Na kuna pahala ambapo ufundi huu wote haufai. Mwanamume aliyeketi kando ya mwanamke asafiriye peke yake, salamu inamtosha, na msaada wa kunyanyua begi kama akiombwa. Kwa mama mwenye mtoto, mtoto ni mlango, lakini usimsifu unene wala uzuri bila ya kusema mashallah, la sivyo utaona anafunikwa kanga.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma, niliipanda Morogoro nikiwa na nia ya kufanya alivyofanya yule mzee. Sikufaulu. Madirisha hayafunguki, hakuna wa kukuletea kuku, mizigo imewekwa juu pasipoonekana, na jirani yangu, kijana mmoja, alikuwa na visikilizio masikioni. Safari yenyewe kutoka Dar es Salaam ni kama saa tatu na nusu, na mimi nilikuwa na pungufu ya hizo, kwa hiyo nusu saa ya kimya ni mali ambayo sikuwa nayo. Tulipoingia katika mahandaki ya Kilosa, giza likapiga vioo, yeye akainua kichwa akaondoa kisikilizio kimoja. Nikasema, "Kilosa hii." Akasema, "Tayari?" Tukacheka kidogo, akaniambia anashukia Dodoma, nikamwambia nami pia, na hatukuongeza. Kwa treni ile, nadhani ndicho kipimo chake.

Jina la mzee wa Tabora nililijua tukiwa tumekwisha kushuka, tumesimama nje ya stesheni, viazi vikiwa vimepungua vinane.