Alama Tatu Kabla ya Video Kutoka

Tuseme mtengenezaji wa video mjini Nakuru ameandaa video ya dakika 4 kuhusu mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaowasumbua wakulima wa viazi huko Molo na Mau Narok. Ndani yake kuna kipimo cha shambani: shina la mmea ulionyauka hukatwa na kuning'inizwa ndani ya glasi ya maji safi, na baada ya dakika chache nyuzi za ute mweupe huanza kushuka kutoka kwenye mkato. Hakuna mkulima atakayekosa kutazama hapo. Ila tukio lenyewe linakuja dakika ya pili, baada ya salamu, muziki na mandhari ya mashamba.

Karatasi ya alama inamwonyesha dosari hiyo kabla hajachapisha. Ina safu tatu, mvuto wa mwanzo, uwazi na mwendo, kila moja ikipewa alama 1 hadi 5, na maana ya kila alama iandikwe mapema. Mvuto ni 5 iwapo sekunde 10 za kwanza zinaonyesha tatizo lenyewe. Ni 1 iwapo sekunde 30 zimepita na mtazamaji hajui atafunzwa nini.

Uwazi ndio unaodanganya zaidi, maana aliyepiga picha anajaza mapengo kichwani mwake bila kujua. Safu hii apewe mtu asiyelima viazi: atazame mara moja, kisha aeleze hatua zote kwa mpangilio. Mwendo nao hupimwa kwa kutafuta sehemu zinazoweza kukatwa bila hatua yoyote kupotea. Zikizidi, alama inashuka.

Video yetu inapata 2, 4 na 3. Alama zinaandikwa pamoja na tarehe, na hazibadilishwi tena.

Wiki moja baada ya video kuchapishwa hufunguliwa YouTube Studio, inayoonyesha asilimia ya watu waliobaki hadi sekunde ya 30. Tuseme ni 45, ilhali video zake nyingine hubakiza 60: ile 2 ya mvuto ilikuwa ya haki. Mchoro wa watazamaji waliobaki lakini unapanda kwenye tukio la glasi, yaani watu wanarudia. Wamependa au hawakuelewa? Maswali yao kwenye maoni ndiyo yanayoamua. Wakiuliza kwa nini maji yao yalichafuka tu, basi msimulizi alisahau kusema glasi isitikiswe, na ile 4 ya uwazi ilikuwa ya ukarimu.

Mwendo unalinganishwa na video za urefu uleule pekee, kwa muda wa wastani wa kutazama. Jumla ya watazamaji haifai kwa ukaguzi huu: kichwa, picha ya jalada, msimu wa kupanda au kikundi kimoja cha WhatsApp cha wakulima vinaweza kuipandisha.

Video zikifika 10 hivi, safu za makisio na za matokeo huwekwa bega kwa bega. Kama zilizopewa mvuto wa 5 hazibakizi watu wengi kuliko za 3, maelezo ya alama hiyo yaandikwe upya, na video inayofuata ipimwe kwa maelezo mapya.