Chati Nyingi, Alama za Juu: Mstari Unaopanda Unasema Nini?

Ukiteremka kutoka Cheptais ukapita Malakisi, hukawii kuingia Teso. Huko Teso na katika Busia jirani, miaka ya 1990, watafiti walijiuliza swali ambalo mwalimu mkuu yeyote wa huku kwetu angependa kujibiwa: je, chati za kufundishia hupandisha alama za wanafunzi? Nazungumzia zile chati kubwa zinazosimamishwa mbele ya darasa, mwalimu akipindua ukurasa baada ya ukurasa. Paul Glewwe, Michael Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz walilijibu swali hilo kwa njia mbili, na mwaka 2004 wakachapisha majibu mawili yasiyopatana.

Njia ya kwanza ni ile tunayoizoea: kuchukua takwimu za shule zilizopo na kutazama kama zenye chati nyingi ndizo zenye alama nzuri. Ili tuone inavyofanya kazi, tuchore mchoro wa mtawanyiko wa shule sita za kubuni. Mstari wa chini uoneshe idadi ya chati, wa wima wastani wa alama kati ya 500, na kila shule iwe nukta moja. Shule tatu za mlimani zina chati 0, 2 na 4, na wastani wao ni 212, 204 na 212. Shule tatu za karibu na soko zina chati 8, 10 na 12, na wastani wao ni 258, 250 na 258.

Kwanza tazama mwelekeo: nukta zinapanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu. Kisha tazama zilivyokaribiana na mstari unaoweza kupitishwa katikati yake. Kipimo cha ukaribu huo huitwa r: kikiwa 0 hakuna mwelekeo wa mstari, kikiwa 1 nukta zote zimelala juu ya mstari mmoja unaopanda. Hapa r ni karibu 0.91, na mstari unapanda takriban alama 5 kwa kila chati moja. Mtu mwenye haraka angeagiza chati kesho asubuhi.

Lakini macho yasiishie kwenye mstari. Nukta hizi hazikujipanga kama msafara mmoja. Ni makundi mawili, na katikati pana pengo. Zipake rangi, za mlimani nyekundu na za sokoni buluu, kisha utazame kila kundi peke yake. Mlimani, shule isiyo na chati hata moja ina 212 sawa na yenye chati 4. Sokoni, chati 8 na chati 12 zote zina 258. Ndani ya kila kundi r ni 0. Mstari wote ule umetokana na tofauti kati ya mlimani na sokoni, ambayo huenda ni karo inayolipwa kwa wakati, walimu wa kutosha, au barabara inayopitika wakati wa mvua. Mambo hayo ndiyo huleta chati, na ndiyo huleta alama. Tena huenda mshale ukaelekea upande wa pili: shule inayofaulu huvutia wafadhili, nao huja na chati.

Kuna atakayesema basi tuyapime hayo mengine na kuyaondoa katika hesabu. Hapa ndipo utafiti wa Busia na Teso unaponigusa zaidi. Watafiti walizingatia vifaa vingine vya shule, na bado takwimu zilionesha chati zikiambatana na ongezeko la alama la hadi asilimia 20 ya mchepuko sanifu, ambalo si dogo katika elimu. Tatizo ni kwamba huwezi kuondoa usichokipima. Bidii ya mwalimu mkuu, au wazazi wanaohudhuria kila mkutano wa shule, haimo katika safu yoyote ya daftari la takwimu.

Njia ya pili iliziba mwanya huo. Walichukua shule 178, wakazigawa kwa utaratibu usioangalia hali ya shule, na nusu yake, 89, zikapewa chati. Kwa kuwa bidii ya walimu wakuu haikuamua nani apewe, shule za bidii na za uzembe ziliangukia pande zote mbili karibu sawa. Mitihani ilipofanywa, hapakuwa na dalili kwamba shule zilizopewa chati ziliwashinda wenzao.

Matokeo hayo yana mipaka yake. Yanahusu chati zile, katika shule zile, zikitumiwa jinsi walimu wale walivyozitumia. Hayakatai kwamba mwalimu fulani anaweza kufundisha mfumo wa damu vizuri zaidi akiwa na picha yake. Na mchoro wa mtawanyiko haukusema uongo: shule zenye chati kweli zilikuwa na alama bora. Ndiyo maana halmashauri ya shule ikiletewa mchoro kama huo, ningependa mjumbe mmoja aulize chati zilifikaje katika shule zile za juu kulia, na nani aliamua zipelekwe huko.